Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Mpwa wangu alikuja Jumapili mchana, kompyuta kwapani, uso kama wa mtu aliyenyimwa ubwabwa kwenye harusi ya kwao. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka nasubiri usingizi.

"Shikamoo mjomba. Kampuni hazijibu."

"Marahaba. Uliziandikia wapi?"

"Kwenye info."

Usingizi ukaondoka. Kuhusu info mimi nina kidonda. Kabla sijaanza kulipwa kwa kulalamika gazetini, nilikaa miaka mitatu mapokezi katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar es Salaam. Siku ya kwanza nilikabidhiwa vitu vitatu: daftari la wageni, ufunguo wa choo na nywila ya kisanduku cha info@. Ufunguo wa choo ulikuwa na heshima zaidi, kwa sababu hata bosi aliuomba kwa upole.

Vijana hawaamini nikiwaambia nani anafungua barua za info@. Wanamwona meneja mwenye miwani, kalamu mkononi, anasoma sentensi moja moja na kutikisa kichwa. Anayefungua ni mtu wa mapokezi, sikio moja kwenye simu, huku mwenye bodaboda amesimama mbele yake anadai hela ya kifurushi. Asubuhi moja ya kawaida nilikuta ankara, watu wanaoulizia bei, mtu anayetuuzia dawa ya mende, mwaliko wa semina, na katikati yao maombi ya kazi matano au sita. Kwa kila barua nilikuwa na njia tatu: kuifuta, kuiacha hapo ilipo, au kuifowadi kwa mkubwa fulani. Na kufowadi kuna hatari yake. Nikimpelekea mkuu wa idara kitu kisichomhusu, nitamsikia akishuka ngazi.

Kosa si la mpwa wangu peke yake. Mwaka 1997 wataalamu wa mtandao walitoa waraka unaoitwa RFC 2142, wakaorodhesha majina ya anuani ambazo ofisi inafaa kuwa nazo. Ipo info@ ya kutoa maelezo kuhusu taasisi na bidhaa zake. Ipo sales@ ya wanunuzi, support@ ya wateja wenye matatizo, hata abuse@ ya kushtaki wakorofi. Mtafuta kazi hakutengewa hata kibaraza. Kwa hiyo anagonga kwenye dirisha la maelezo, lililowekwa ili kampuni ijieleze kwake, naye anataka kujieleza kwa kampuni.

"Hebu nione ulichoandika," nikamwambia.

Jamani. Alikuwa amepeleka barua moja kwa kampuni 31 kwa mpigo, anuani zote zimepangwa juu zinaonekana, kama majina ya wachangiaji wa send-off. Kila kampuni iliona nyingine 30 zinazoposwa pamoja nayo. Moja ilijibu, na jibu likaenda kwa wote: "Tafadhali tuondoeni kwenye orodha hii." Yeye alihesabu hilo kama jibu.

Kichwa cha barua kilisema "Yah: Maombi ya kazi". Ndani ikaanza: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Huu ndio wimbo wetu wa taifa wa pili. Mimi mtu wa mapokezi nimetoka kwenye kichwa cha habari sasa hivi, hakikuniambia ni kazi gani, nashuka chini kutafuta maana, narudishwa juu! Aya ya pili: "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, mwenye afya njema." Ufundi wake, ambao ndio ungeniambia nimpelekee nani, ulikuwa umejificha aya ya nne, kati ya shule ya msingi na wadhamini.

Halafu viambatisho. Alienda steshenari akaskani kila kitu alichowahi kupewa na mwanadamu: cheti cha kuzaliwa, cha darasa la saba, cha kidato cha nne, cha ubatizo, cha kushiriki bonanza. Faili tisa, zinaitwa scan0001.pdf mpaka scan0009.pdf, jumla megabaiti 18. Akajitetea kwamba Gmail inaruhusu 25. Ni kweli inaruhusu, lakini kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe hubadilishwa kuwa maandishi, na uzito huongezeka kama theluthi moja, kwa hiyo 18 yake ilikuwa imefika 24 njiani. Tena hiyo 25 ni ruhusa ya mlango wa kutokea. Mlango wa kuingilia una mwenyewe, na ofisi nyingi zimeweka kikomo cha chini ya hapo. Tulipochungulia kisanduku chake, tukakuta barua saba zimerudi na ujumbe huu ambao hakuwahi kuufungua, akidhani ni matangazo:

```
552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit
```

Yaani mzigo ni mkubwa, haukuingia hata getini. Nyingine nne zilirudi na 550 5.1.1, maana yake hakuna mtu wa jina hilo hapo. Hizo alibuni mwenyewe, akaweka hr@ mbele ya jina la kampuni akatumaini. Nashukuru zilirudi. Kuna ofisi ambazo mitambo yake hupokea kila jina hata lisilokuwepo, na barua ikaishia kwenye shimo bila kukwambia neno. Kampuni mbili zilikuwa zimejibu "Tumepokea barua pepe yako, tutawasiliana nawe." Mpwa wangu aliwaonyesha majirani. Hiyo ni mashine, inamjibu hivyohivyo hata muuza dawa ya mende.

Tukachagua kampuni moja tu, akanuna. Ni kampuni inayofunga pampu za visima, ina karakana kando ya Barabara ya Nyerere. Yeye ni fundi umeme wa VETA, na mwaka mzima amekuwa akimsaidia fundi mmoja kufunga pampu Kibaha na Bagamoyo. Tovuti yao ina picha za mnara wa tenki, simu ya mezani, info@, na kile kiboksi cha "Andika ujumbe wako hapa". Kiboksi nilimkataza. Mara nyingi kinadondokea kwenye info@ ileile, hakipokei faili, na wewe hubakiwi na nakala ya kuonyesha kwamba uliandika.

Nikamwambia, mwanangu, huyu wa info humwombi kazi, kazi hana. Yake mwenyewe anaishikilia kwa meno. Mwombe kitu ambacho anacho na hakimgharimu: jina. Na uiandike barua ambayo akiisukuma mbele kama ilivyo, mkuu wa karakana ataielewa bila yeye kuongeza neno, maana muda wa kuongeza neno hana. Tuliandika hivi, baada ya kubishana mpaka chai ikapoa:

"Yah: Nani anapokea maombi ya fundi wa pampu za visima (Dar)?

Habari za kazi. Mimi ni fundi umeme, nimehitimu VETA, na kwa mwaka mmoja nimefunga pampu za visima Kibaha na Bagamoyo. Naomba kujua jina na anuani ya anayepokea maombi ya kazi katika idara ya ufungaji. Kama ni rahisi zaidi kwako, unaweza kumpelekea barua hii kama ilivyo; wasifu wangu wa kurasa mbili nimeuambatisha. Asante kwa msaada wako."

Chini jina na namba ya simu. Faili moja, chini ya megabaiti moja, yenye jina lake na neno "fundi pampu", ili mkuu akiihifadhi isipotee kati ya scan0001 za dunia nzima. Vyeti vibaki nyumbani, wakivitaka watasema. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa mkubwa. Alitaka walau cha bonanza kiende.

Akauliza pia, Kiswahili au Kiingereza? Nikamwambia fuata lugha ya tovuti yao. Hawa walijitangaza kwa Kiswahili. Wangejitangaza kwa Kiingereza tungeandika Kiingereza, na mimi ningelala mapema.

Ilitumwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Barua ya Ijumaa jioni hulala wikiendi nzima na kuamka chini ya nyingine hamsini. Jumanne kimya. Jumatano saa nne nikamlazimisha apige ile simu ya mezani. Kijana anayeweza kupanda mnara wa tenki bila kamba alitetemeka mbele ya simu. Sababu ya kupiga ni ndogo tu: barua iliyo katikati ya kisanduku haisogei mpaka mtu aitafute kwa jina, na mtu haitafuti mpaka aombwe.

"Habari za kazi, dada. Samahani kwa usumbufu. Jumatatu niliandika kwenye info, kichwa kinasema fundi wa pampu za visima. Nilikuwa naomba tu jina la anayehusika na mafundi."

Kulikuwa na sauti ya kubofya. "Ah, hii. Nimeiona. Ngoja." Akabofya tena. "Nimempelekea injinia wa karakana, nimekuweka kwenye nakala."

Ni kweli, kwenye kisanduku ikaingia nakala, juu yake neno moja tu la yule dada: "Kwako." Chini yake barua yetu nzima, na pale juu anuani ya injinia, jina lake kamili, wazi kabisa. Ndicho tulichokuwa tukitafuta tangu Jumapili. Mpwa wangu alifurahi akaanza papo hapo kumwandikia injinia. Nikachungulia begani: "Husika na kichwa cha habari..." Nikaifunga kompyuta kwa mkono wangu.

Alhamisi hakuna kitu. Ijumaa hakuna kitu. Jumamosi jioni akaja kula, simu yake ikaita mara tatu kwenye meza na mara tatu akaigeuza kifudifudi.

"Mbona hupokei?"

"Namba siijui, mjomba. Tangu asubuhi inapiga. Nahisi ni wale wa kausha damu, kuna rafiki yangu alikopa akaandika namba yangu."

Niliangalia ile namba. Nikafungua nakala ya barua ya yule dada, nikashuka mpaka mwisho, penye jina la mpwa wangu na namba yake ya simu, ambayo injinia alikuwa nayo tangu Jumatano. Nikamwekea simu mbele ya sahani yake. Tonge lilirudi kwenye wali.

Alipopiga, injinia hakuuliza habari ya afya njema wala darasa la saba. Aliuliza, "Wewe ndiye wa Bagamoyo? Kule maji ya chumvi pampu mlikuwa mnaweka ya aina gani?" Wakaongea dakika ishirini, na mimi nikamla kuku wake.