Mlinzi wa Yogati

Mwanangu wa darasa la pili siku hizi hataki tena mihogo. Anataka yogati na jibini, kisa mwenzake wa dawati moja huja navyo. Sawa. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri na chakula chake kinasubiri kuliwa hadi saa sita na nusu mchana. Saa saba nzima, katika joto la Dar, begi likining'inia dirishani juani. Walimu wana friji. Ndani yake mna soda zao.

Vyakula hivi vinataka ubaridi usiozidi nyuzi 5. Vikishatoka humo, mwisho saa mbili. Siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja tu. Ndiyo maana kila jioni nageuka mgandishaji. Kikopo cha yogati kinaingia friza, pamoja na chupa mbili ndogo za maji zisizojazwa pomoni, maana barafu huvimba ikapasua chupa. Jibini nanunua ile ngumu. Ile laini yenye majimaji haivumilii safari. Wakati wa kuikata, mama watoto ananisimamia mlangoni: "Baba Neema, umenawa?" Ana haki, ingawa simwambii. Mikononi na puani mwetu wanaishi bakteria ambao, wakipata joto na muda, huacha sumu kwenye chakula, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto.

Alfajiri napanga ndani ya begi lenye sponji: chupa moja chini, yogati na jibini katikati, chupa ya pili juu, zipu hadi mwisho. Chapati za moto zina hotipoti yake, begi jingine kabisa. Siku dada aliposhindilia vyote pamoja "kuokoa nafasi", barafu haikufika hata saa nne.

Shukrani ninayopata ni hii: "Baba, yogati ina maji." Ndiyo, ikigandishwa hujitenga. Koroga, ule.

Nimempa kipimo kimoja. Kabla ya kula, atikise chupa ya juu. Barafu ikigonga, ale. Isipogonga, asiguse yogati wala jibini. Asijitie kunusa, kwa kuwa vijidudu vingi vya kuharibu tumbo havina harufu. Kifuniko kilichotuna ni dalili mbaya, lakini kilicholala si cheti cha usalama.

Juzi kikopo kilirudi jioni hakijafunguliwa, kina uvuguvugu wa kwapa. Bei yake ikanipitia kichwani, nikanyoosha mkono kwenye mlango wa friji. Mama Neema akakinyakua, akakimwaga mbele ya macho yangu. Kukirudisha kwenye baridi, akasema, hakufuti saa kilizokaa juani.

"Barafu haikugonga?" nikamuuliza mtoto.

"Iligonga, baba. Nilishashiba ubuyu."