Anza Chini, Tutakupandisha: Msyuu! Mjibu Hivi

Msyuuu! Acheni nisonye kwanza, maneno yatafuata. Maana ahadi hii imezagaa mno hapa Dar, na kijiweni kwetu haipiti muda mrefu bila mtu kuja nayo mkononi: "Tumekupenda sana, ila anza na cheo cha chini kidogo. Baada ya miezi sita tutakupandisha." Kijana wa watu anashukuru, anasaini, na mwaka wa pili unamkuta palepale.

Safari hii aliyekuja nayo ni mdogo wetu mhasibu. Huyu si mtoto wa jana. CPA anayo, amesajiliwa na Bodi ya Wahasibu, na anakofanya kazi sasa ni Mhasibu Mwandamizi kwa mshahara wa shilingi 1,700,000. Tangazo aliloomba lilisema Mhasibu Mwandamizi, na kwenye usaili likatajwa fungu la 2,400,000. Jumatatu dada wa wakala wa ajira akampigia simu: kazi umepata, ila utaanza kama Mhasibu tu, kwa 1,800,000. Cheo cha tangazo na fungu lile la usaili vitakuja baada ya miezi sita.

Kilichonichemsha si cheo. Vyeo vina mambo yake. Anayeitwa Meneja kwenye kampuni ya watu wanane, akienda benki anaweza kuwa afisa wa kawaida na asipoteze kitu, kwa sababu kazi ni ileile na mshahara umepanda. Ukikuta hivyo, usigombane na kibandiko cha mlangoni. Kilichonichemsha ni majukumu. Nikamwuliza mdogo wangu, kwenye usaili walikwambia utafanya nini? Akasema atasimamia wahasibu wadogo wawili, atafunga hesabu za kila mwezi, na wakaguzi wa nje wakija yeye ndiye atakayekaa nao mezani. Aka! Sasa hiyo si ndiyo kazi ya Mwandamizi yenyewe? Wanataka mabega ya Mwandamizi kwa bei ya Mhasibu. Tofauti ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 3,600,000, na ahadi ikisogea ikafika mwaka ni 7,200,000. Mchango wa NSSF nao unakatwa kwenye mshahara uliopo, si ule ulioahidiwa.

Watasema wanataka kwanza kuuona uwezo wake. Hapo ndipo ninapokataa kabisa, kwa sababu kipimo hicho wanacho tayari. Kinaitwa kipindi cha majaribio. Kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zinamruhusu mwajiri kumweka mtu kwenye majaribio, ambayo kwa kawaida hayatakiwi kuzidi miezi 12. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 35, inasema kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Maana yake, katika miezi hiyohiyo sita wanayoitaja, mwajiri ana nafasi pana ya kukupima na kuagana nawe ikiwa huwezi. Hatari yake imeshapunguzwa na sheria. Cheo pungufu ni majaribio ya pili juu ya majaribio, na haya ya pili hayana karatasi wala tarehe ya mwisho.

Shangazi mmoja hapa mtaani, aliyestaafu kama afisa utumishi, alitusikia akavuta kigoda. Akasema msiwahukumu wote, kuna kampuni zinasema hivyo kwa nia njema. Pengine nafasi ya Mwandamizi haimo kwenye ikama ya mwaka huu. Pengine ndani kuna Mhasibu wa miaka mingi anayesubiri cheo hichohicho, na mgeni akiingia juu yake ofisi itawaka moto. Lakini, akasema, swali moja litakuonyesha ukweli: hiyo nafasi ya juu imeshaidhinishwa na kuwekwa kwenye bajeti, au bado? Kampuni nyingi zinazofunga mwaka Desemba hupanga bajeti kati ya Septemba na Novemba. Ukiingia kazini Agosti, miezi sita yako inaisha Februari. Kama cheo chako hakikuingizwa kwenye bajeti ile, bosi wako hata akikupenda vipi atakwambia tusubiri mwaka ujao, na wala hatakuwa anadanganya.

Neno hilo nalishika kwa mikono miwili, kwa sababu ahadi nyingi za namna hii hazifi kwa ubaya wa mtu. Bosi aliyeahidi anahamishwa. Menejimenti inasitisha upandishaji vyeo kwa mwaka mzima. Anayekuja baada yake anafungua faili lako, anakuta "Mhasibu, 1,800,000", basi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mhasibu ndiye wa mwisho kuhitaji kukumbushwa hilo.

Na huyu dada wa wakala je? Mstahi, anafanya kazi yake. Ila elewa amesimama wapi. Wakala hulipwa na mwajiri pale unapoanza kazi, na dhamana anayompa mwajiri, kwamba ukiondoka mapema atamtafutia mtu mwingine, mara nyingi ni ya miezi mitatu hivi. Wewe ahadi yako ni ya mwezi wa sita. Siku ya kuidai ikifika, yeye hayumo tena. Hawezi kukupandisha wala kuzuia usipandishwe. Kwa hiyo usimbishie kwenye simu. Mpe kitu cha maandishi akipeleke kwa mwenye uamuzi.

Jioni ile tulikaa na mdogo wangu tukaandika. Alitaka kuanza na malalamiko, nikamwambia futa. Alitaka kujieleza ukurasa mzima, tukafuta tena. Barua pepe iliyobaki ni hii:

"Habari za kazi dada. Asante kwa simu ya jana. Kazi hii naitaka, na timu niliyokutana nayo kwenye usaili imenivutia. Nathibitisha nilivyokuelewa: naanza kama Mhasibu kwa shilingi 1,800,000, na baada ya miezi sita nakuwa Mhasibu Mwandamizi kwa 2,400,000. Majukumu niliyoelezwa, yaani kusimamia wahasibu wawili, kufunga hesabu za mwezi na kushughulika na wakaguzi wa nje, ni ya Mwandamizi kuanzia siku ya kwanza. Kwa hiyo naomba niajiriwe kwa cheo hicho, chini ya kipindi cha majaribio cha kawaida. Kuhusu mshahara wa kipindi hicho, niko tayari tuzungumze. Kama cheo hakiwezekani sasa, naomba barua ya ajira itaje tarehe ya kupanda, mshahara mpya, vigezo vitakavyotumika na nani atakayeamua. Pia naomba kujua kama nafasi hiyo imeshaidhinishwa kwenye bajeti. Nikipata majibu nitakujulisha uamuzi wangu ndani ya siku mbili."

Tazameni ilivyokaa. Kwanza inaikamata ahadi ya mdomo na kuiweka kwenye maandishi, ili kama dada alisema asichotumwa, aseme sasa. Halafu inatenganisha cheo na pesa, na hapo ndipo penye nafasi ya kukutana. Cheo hakimgharimu mwajiri hata senti, ila kwako ndicho atakachokisoma mwajiri wa kesho. Ukishakuwa Mwandamizi kisha wasifu wako ukashuka hadi Mhasibu, kwenye kila usaili utaulizwa ulikosea nini.

Hayo maneno ya vigezo nayo msiyapite haraka. "Kulingana na utendaji na mahitaji ya kampuni" si kigezo, ni mlango ulioachwa wazi upande wa mwajiri peke yake. Kigezo cha mhasibu kinapimika: hesabu za mwezi zifungwe ndani ya siku saba za kazi, makato ya PAYE yafike TRA kabla ya tarehe 7, ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, na ukaguzi upite bila hoja zinazotokana na uzembe wake. Mtu yeyote akifungua faili baada ya miezi sita ataona ametimiza au hakutimiza, hata kama bosi ni mpya. Na barua iseme "atapandishwa", isiseme "atafikiriwa". Kufikiriwa wanaweza kukufikiria hadi ustaafu.

Majibu yalikuja siku ya tatu. Cheo, hapana, ikama imefungwa hadi Januari. Mshahara wakausogeza hadi 2,000,000. Ahadi wakasema ipo kwenye barua pepe ya meneja wa fedha, "kwa hiyo usiwe na wasiwasi." Msyuu! Kijana akafurahi, akataka kusaini palepale. Nikamwambia lete rasimu ya mkataba tuisome hadi mwisho. Ukurasa wa mwisho kabisa, mwandiko mdogo: mkataba huu ndio makubaliano yote kati ya pande mbili, na unafuta mazungumzo, barua na ahadi zote zilizotangulia.

Mnaona? Kifungu hicho ni cha kawaida, mikataba mingi inacho, na pengine hakuna aliyemlenga mdogo wangu. Lakini ukikisaini, barua pepe ya meneja wa fedha imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Siku ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, cha kwanza utakachoulizwa ni mkataba wako unasema nini.

Akarudisha rasimu na maombi mawili tu, kwa adabu: ahadi ile ihamishwe kutoka kwenye barua pepe iingie ndani ya mkataba, na mshahara upande kufika 2,400,000 tarehe 1 Februari akitimiza vigezo, hata kama cheo kitachelewa kwa sababu ya ikama. Shangazi akasema hilo la mwisho ndilo lenye akili, kwa sababu linaondoa kisingizio cha nafasi. Wakisema ikama haijafunguka, sawa, ila pesa imepanda.

Mzee mmoja anayecheza drafti hapo kijiweni akapinga. Akasema mnamkosesha kijana riziki kwa vifungu. Nami simdharau mzee, kwa sababu kuna mtu ambaye kodi ya nyumba imeisha na kazi hana. Huyo achukue, tena asione aibu. Ila adai angalau majukumu yake halisi yaandikwe kwenye maelezo ya kazi, kwa kuwa kifungu cha 15 cha sheria ileile kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo hayo kwa maandishi. Asipopandishwa, ataondoka na karatasi inayoonyesha alisimamia watu na kufunga hesabu, hata kama mlangoni waliandika Mhasibu. Mdogo wetu hayuko huko. Ana kazi, ana cheo, na anaweza kusubiri.

Hadi naandika haya kampuni haijarudisha rasimu. Dada wa wakala amepiga simu mara mbili kumwuliza kama bado ana nia, naye amejibu mara zote mbili kwamba nia anayo, na anasubiri ukurasa ule mmoja wenye ahadi.