Kilo Tano za Sembe Mgongoni

Jana jioni nilipitwa na muuza kahawa. Sisemi yule wa baiskeli. Nasema yule wa miguu, mwenye birika la makaa mkono huu na kindoo cha vikombe mkono ule, anayetembea taratibu asije akajiunguza. Mimi nilikuwa nakimbia. Nilikuwa ndani ya dakika yangu halali ya kukimbia, na bukta, raba mpya na saa mkononi. Akanifikia, akaenda nami sambamba hatua tatu nne, akagonganisha vikombe vyake, akaniuliza kwa upole, "Mzee, nikumiminie kimoja upumzike?" Kisha akaenda zake, nami nimebakiza sekunde 18.

Mkosaji ni kano ya kisigino, ule ugwe mnene unaoweza kuubana kwa vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu. Wazungu wameupa jina la Akile, shujaa wa Wagiriki aliyechomwa mshale kisiginoni. Mimi sikuchomwa mshale. Nilikimbilia mpira uliokuwa umeshatoka nje, Jumapili, kwenye mechi ya maveterani tuliyokuwa tumeshafungwa nne. Hakuna kilicholia wala kukatika. Jumatatu asubuhi ndipo nilipotoka kitandani kwenda msalani nikitembea kama kuku mwenye kideri. Baada ya hatua ishirini mguu ukapata joto, maumivu yakaisha, nikajiona mzima. Hiyo ndiyo hila ya kano hii: ukiitumia inanyamaza, halafu kesho yake alfajiri inakuletea bili.

Bili nyingine nililetewa na watu. Mahali pa kwanza nilipokwenda nililipa kumwona daktari, nikalipa na picha, na aliyekaa nyuma ya meza hakuugusa mguu. Aliniuliza umri, akacheka, akaniuliza mpira wa nini tena. Akaandika vidonge na mapumziko ya wiki sita. Nikapumzika kwa uaminifu kabisa, hata sukari ya dukani nikawa naagiza watoto. Maumivu yakaondoka. Wiki ya saba nikaingia uwanjani, nikacheza dakika ishirini, na Jumatatu kuku akarudi. Nikapumzika tena wiki sita, nikarudi tena, kuku yuleyule. Miezi mitatu na ushei imekwenda hivyo, na mpaka leo sijaisamehe. Kunicheka sawa, lakini angeubonyeza mguu kwanza.

Kumbe kano haiponi kwa kulazwa. Ndani yake ni nyuzi zilizolala pamoja kama kamba ya katani, na ikizidiwa na mizigo ya ghafla, nyuzi zinavurugika, kano inavimba katikati, sentimita chache juu ya kisigino. Damu inayoifikia ni kidogo ukilinganisha na nyama ya msuli, kwa hiyo hujirekebisha polepole. Na hujipanga upya kwa kufuata mzigo inaopewa. Usipoipa mzigo, maumivu yanatulia, lakini kano yenyewe inazidi kulegea. Kisha wewe unaipeleka uwanjani, ambako kila hatua ya mbio inaivuta kwa nguvu ya mara kadhaa ya uzito wako, na unashangaa imekugomea.

Haya niliyajua kwa dada mmoja wa fiziotherapia. Alinilaza kifudifudi, akaminya kigimbi, akatazama wayo. Wayo ukanyooka. Angeuona umetulia tuli, angejua kano imekatika. Akaniuliza, "Siku ile ulihisi kama umepigwa teke kwa nyuma, ukageuka usione mtu?" Nikamwambia, "Hapana, daktari. Mimi nilipigwa kweli, na mtu nilimwona."

Akanipa dawa yenye historia ya ajabu. Daktari mpasuaji wa Uswidi, Håkan Alfredson, alikuwa na maumivu hayahaya. Husimuliwa kwamba alitaka kupasuliwa, mkuu wake akakataa, basi akaamua kuitesa kano mpaka ikatike ili wasiwe na la kufanya ila kumpasua. Kano ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya mateso hayo kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Mateso yenyewe ni haya: unasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, unapanda kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, kisha unashusha kisigino polepole mpaka chini ya ngazi. Mara 15, raundi tatu, goti limenyooka. Kisha raundi tatu nyingine goti limekunjwa, maana kigimbi kina misuli miwili: wa juu unaanzia juu ya goti, ukikunja unalegea, na ule wa chini uliojificha ndio unaobaki na kazi. Asubuhi na jioni, jumla mara 180 kwa siku. Ikizoeleka, unaongeza uzito mgongoni. (Maumivu yakiwa pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, mtu hashuki chini ya usawa wa ngazi. Yangu yalikuwa juu zaidi, nikapewa ruhusa ya kuteseka kamili.)

Uzito niliokuwa nao ni mfuko wa sembe wa kilo tano, na begi lililokuwepo ni la shule la mwanangu wa darasa la pili, la waridi, lenye picha ya paka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikasimama kwenye ngazi ya baraza, nimeshika nondo za dirisha, uso ukutani, napanda na kushuka huku nanong'ona hesabu. Nimefika 38, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Alikuwa ameingia jana yake kutoka Tanga, anatoka kutia udhu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanyamaza. Akalitazama begi, akaitazama midomo yangu, akazitazama nondo. "Mwanangu, hilo dirisha limekukosea nini?"

Ningejieleza, lakini nilikuwa katikati ya kushuka, na ukishuka huharakishi. Nikashuka. Zipu ya begi ikashuka nami. Sembe ikamwagika kisogoni, mgongoni, mpaka kwenye visigino vyote viwili, mgonjwa na mzima. Mama mkwe akarudi ndani bila neno, nikamsikia akimwamsha mke wangu: "Amka. Mumeo kapakwa unga, anaongea na ukuta." Mpaka leo kuna watu Tanga wanaonisomea dua.

Na si hayo tu yaliyonipata: nilichuliwa kwa mafuta ya karafuu, nikashuka ngazi za ofisini kinyumenyume mbele ya wageni.

Baada ya wiki 12, na kutembea nusu saa bila maumivu, ndipo nilipofunguliwa mbio: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mizunguko sita, barabara tambarare, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kano ikishapigishwa kazi, saa 24 za mwanzo na kuendelea inabomoka zaidi kuliko inavyojijenga, kwa hiyo siku ya hapana ni sehemu ya dawa. Kasi na vilima ni baadaye. Mpira ndio wa mwisho, kwa sababu ya kuondoka ghafla na kufunga breki. Hakimu ni zile hatua za kwanza za msalani. Nazipa alama, sifuri mpaka kumi. Wakati wa mbio naruhusiwa kufika hata tano, mradi asubuhi yake alama isizidi ilivyokuwa jana. Ikizidi, narudi nyuma hatua moja.

Leo asubuhi nimepata mbili. Jana ilikuwa mbili. Kwa hiyo kesho ni zamu ya kukimbia, barabara ileile, saa ileile, na muuza kahawa habadilishi njia. Nimeshaweka sarafu ya mia mbili ndani ya soksi. Akinifikia tena, namsimamisha kwa kununua.