Bili Imefika, Gari Bado

Tuseme mama mmoja wa Singida mjini anadaiwa ada ya taka ya miezi sita, shilingi 2,000 kila mwezi. Bili imefika mlangoni bila kuuliza njia. Gari la taka, lenye dereva na utingo, bado halijaujua mtaa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezibebesha serikali za mitaa mzigo wa taka ngumu. Ada yenyewe hutokana na sheria ndogo. Basi mama asigombane na kijana wa mashine ya POS: huyo hukata risiti, hasikilizi rufaa.

Amwandikie mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa mtaa, aambatishe orodha ya tarehe ambazo gari halikupita, mwenyekiti wa mtaa akiithibitisha kwa saini. Aombe kifungu kinachotoza ada na mchanganuo wa deni mwezi kwa mwezi. Kifungu kikisema ada ni ya huduma ya kuzoa, ana hoja nzito. Kikisema kila kaya ilipe tu, hoja inapungua uzito.

Nakala yake ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa hapohapo. Bila muhuri, ataambiwa barua haikuonekana, huku bili ya mwezi wa saba ikichapwa.