Daktari wa Kuku

Nauza dawa za mifugo karibu na soko hapa Tabora. Sina cheti cha udaktari wa kiumbe chochote, lakini kwa wateja mimi ni daktari. Juzi kaingia bibi mmoja, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, daktari." Hapo salamu imekaa sawa: umri wake umepata shikamoo, na kazi yangu imepata jina.

Nikamuuliza kuku wana nini. Akavuta kiti, akapandisha khanga kidogo, akaninyooshea mguu. "Kuku wazima. Ni hili goti."

Nikamweleza kwamba mimi nina chanjo ya kideri tu, tone moja jichoni. Akafikiri. "Basi nitie hilo tone."

Vijana wa bodaboda waliokuwa mlangoni nusura waanguke kwa kicheko. Nikamwelekeza zahanati, bibi akaondoka amenuna, na mlangoni akaniita "wewe kijana".

Sina kinyongo. Kwenye njia hii ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwetu hadi Ujiji, udaktari umewahi kuwa na mambo. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alimwamkia kwa cheo. Livingstone alikuwa tabibu kweli, aliyefuzu Glasgow mwaka 1840, ila sanduku lake la dawa lilikwisha kuibwa safarini miaka kadhaa nyuma. Yeye udaktari bila dawa, mimi dawa bila udaktari.

Cheo ninachokitilia shaka ni "mzee" wa stendi. Konda anaposema, "Mzee, sogea nyuma," anataka nafasi ya abiria mwingine. Anayekuheshimu huanza na shikamoo, kisha husubiri umwitikie. Konda hasubiri, mkono wake umeshafika begani.

"Mwalimu" ndiyo haina mzaha hapa. Nyerere alifundisha St. Mary's, Tabora, kuanzia 1946 hadi 1949. Akaenda Edinburgh, akawa Rais, akang'atuka mwaka 1985, na watu wakabaki na Mwalimu wao. Jirani yangu amestaafu ualimu zamani, na wanafunzi wake wenye mvi bado husimamisha baiskeli ili wamwamkie, "Shikamoo, mwalimu."

Kwenye arusi moja mtaani kwetu alikuwepo kijana aliyerudi na shahada ya uzamivu. Mjomba wake, mzee wa fimbo, akamwita kwa jina la utotoni. Kijana akamsahihisha mbele za watu: "Dokta, mjomba."

Mzee akasimama, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, dokta."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama kijana, tusikie kama atathubutu kuitikia marahaba. Alikuwa na pilau mdomoni. Akaitafuna muda mrefu sana.