Namna ya Kuchelewa Baada ya Kuwahi

Kuchelewesha kazi ya shule hakuhitaji kipaji. Mtu yeyote anaweza kulala. Ufundi ni kuikabidhi kazi mapema, ikapokelewa, kisha ukaandikwa kuwa umechelewa. Google Classroom itakufikisha huko kwa kubofya mara mbili tu. Na kama somo ni Kifaransa, skrini inakusemesha Kiingereza na wewe unawaza kwa Kiswahili, basi safari ni fupi zaidi.

Anza kwa kujua umesimama wapi. Kazi ikitolewa huandikwa “Assigned”: unadaiwa, ila deni halijaiva. Ukibofya “Turn in” inakuwa “Turned in”. Muda ukipita hujakabidhi, inageuka “Missing”, na kwenye ukurasa wa mwalimu neno hilo ni jekundu. Ukikabidhi baada ya hapo unapata “Done late”. Mwalimu akiweka tarehe bila saa, mfumo wenyewe unaweka 11:59 PM, yaani saa sita usiku kasoro dakika moja, muda ambao ujanja wa wanafunzi huwa umewaka wote.

Kumbuka pia kwamba ukurasa hausomi kazi. Hati tupu yenye kichwa “Ma famille” ikikabidhiwa Alhamisi ni “Turned in” kamili, wala haina aibu. Insha safi ikifika saa sita na dakika tano usiku ni “Done late”. Ukurasa unatazama saa ya mbofyo wa mwisho, basi.

Sasa mfuate Rehema, bingwa wa fani hii. Insha yake ya Kifaransa ilitakiwa Ijumaa usiku. Yeye akaikabidhi Alhamisi jioni. Mtu wa kawaida angekwenda kula. Jumamosi asubuhi akakumbuka kwamba “élève” ameliandika bila alama zake. Hati haikubali kuhaririwa, kwa sababu kazi ikishakabidhiwa mwanafunzi hubaki mtazamaji tu. Akabofya “Unsubmit”. Hati ikamrudia, alama zikawekwa, na papo hapo bando likaisha.

Tazama uzuri wa matokeo: ukurasa sasa unasema “Missing”. Muda umepita na mikononi mwa mwalimu hakuna kitu. Kama shule imewasha muhtasari wa barua pepe kwa wazazi, mama yake naye atapata orodha ya kazi zisizokabidhiwa, na hapo jaribu kumweleza mama habari za “élève”. Jumapili Rehema akanunua bando, akakabidhi tena, akapewa “Done late”. Ile Alhamisi haihesabiwi. Kanuni ya Google haina huruma: kinachokabidhiwa baada ya muda ni cha kuchelewa, hata kama kiliwahi kukabidhiwa kabla.

Njia ya kuchosha, ambayo bingwa haitumii, ni kuiacha kazi ilipo na kumwandikia mwalimu maoni ya faragha pembeni mwa kazi hiyohiyo: “Samahani Mwalimu, kwenye mstari wa tatu nimesahau alama.” Maoni hayagusi hali ya kazi. Lakini utachelewaje hivyo?

Jumatatu mwalimu akasahihisha, akaandika 14 kati ya 20. Hapa panahitaji subira. Alama hiyo ni rasimu: mwalimu anaiona kwa rangi ya kijani, Rehema haoni kitu. Mwalimu anaweza kuibadilisha asubuhi, akaipandisha baada ya chai, akaishusha jioni, na yote hayo ni siri yake mpaka abofye “Return”. Ndipo alama inageuka nyeusi kwake na kumfikia mwanafunzi. Walimu wengi huapa kwamba wamesharudisha. Wamejaza namba tu. Ukisikia “Alama nimeshaweka” na ukurasa wako uko kimya, usibishane. Uliza kwa adabu, “Mwalimu, umebofya Return?”

Jumatano kazi ikarudi na maagizo: andika upya aya ya pili. Rehema akatii siku hiyohiyo, akabofya “Resubmit”. “Done late” tena! Ametumwa na mwalimu, amewahi kuliko darasa zima, na bado amechelewa, kwa kuwa ile Ijumaa haikusogezwa. Mwalimu makini husogeza tarehe kabla ya kudai marudio, au hufungua historia ya kazi ya mwanafunzi, ambako kila kukabidhi na kila kurudishwa kumeandikwa pamoja na saa. Alhamisi ya Rehema ingali humo.

Aya ya pili ikasahihishwa, ikapewa alama mpya, ya kijani. Wiki ya tatu hii bado ni ya kijani, na kwa mwalimu anayechelewa ukurasa hauna neno “Done late”.