Shangazi Anajibu: Koko, Vitoto na Barabara ya Sake

Wiki hii nimepokea barua tatu, zote za watu waliotaka kufurahi na jamaa zao. Nimezijibu kwa mpangilio wa hatari, kuanzia ile ya kuchekesha.

*Shangazi, mume wangu amepanga tutoke Goma Jumamosi, twende Masisi kupumzika. Tuko tisa: mapacha wa miaka 2, dada yao wa miaka 4, baba mkwe wa miaka 78 mwenye presha na magoti mabovu, mama mkwe wa miaka 72, sisi wawili, na mashemeji wawili ambao sijawahi kuwaona wamechoka. Mume ameandika orodha: soko la Sake, picha ziwani, jibini Mushaki, kupanda kilima, mishikaki Masisi mjini, kisha kurudi usiku. Nikisema ni mengi, ananiita mvivu. Nifanye nini? — Mama Mapacha, Goma*

Mama Mapacha, hiyo orodha si ya mtu anayekwenda kupumzika. Ni ya mchuuzi wa maharage anayekimbilia soko lisije likafungwa.

Kabla ya orodha, kuna barabara. Mnamo Januari 2025 M23 waliingia Masisi mjini, na mwisho wa mwezi huohuo wakaingia Goma. Tangu hapo njia iliyokuwa wazi Jumapili yaweza kufungwa Jumatatu. Usimuulize mtu aliyepita mwezi uliopita. Muulize dereva aliyeshuka jana jioni, na umpigie tena alfajiri ya siku yenyewe. Akisita tu, safari imeahirishwa, na ratiba nitakayokupa itatumika hapohapo Goma, kwa jamaa yeyote mwenye ua na kivuli.

Sasa tuseme njia ni nzuri. Mumeo anadhani tatizo ni kwamba watoto wana nguvu nyingi na wazee wana nguvu kidogo, hivyo anatafuta mwendo wa katikati. Amekosea hesabu. Wachunguze kwa siku moja tu. Mapacha wanaamka saa kumi na moja alfajiri, na baba mkwe pia. Mapacha wanataka chakula laini kwa wakati wake, na baba mkwe pia. Ikifika saa sita mchana mapacha wanalia bila sababu, na baba mkwe anagomba bila sababu. Wote wanne, nikimhesabu mama mkwe, wanataka kulala. Wanaona baridi upesi na wanaomba kukojoa ghafla. Saa yao ni moja. Wenye saa tofauti ni ninyi wa katikati, mnaoamka mmechelewa na kutaka kula nyama saa tisa.

Kwa hiyo panga siku kwa saa ya wakubwa kabisa na wadogo kabisa, halafu watu wazima wajitafutie nafasi zao pembeni.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya uji. Kutoka Goma hadi Sake ni kama kilomita 25, lakini hesabuni saa nzima, kwa sababu barabara ina yake. Baba mkwe akae mbele, apate kunyoosha magoti. Mapacha wakae mahali wanapoona nje, kwa kuwa baada ya Sake gari linaanza kupanda kwa kona, na mtoto anayetazama miguu yake ndiye anayetapika. Msiwape maziwa njiani. Wape mkate mkavu na maji kidogo kidogo. Simameni Sake robo saa, wazee watembee kidogo miguu isivimbe, kila mtu aende haja. Sokoni mtapita mnaporudi, au hamtapita.

Kuna jambo la dawa. Kama dawa ya presha ya baba mkwe ni ile ya kukojoza, akiimeza saa kumi na mbili kamili mtasimama kila kona ya mlima. Wapo wazee wanaoiruka kimyakimya siku ya safari ili wasiwe mzigo, na hilo ni baya kuliko kusimama. Amuulize muuguzi wake siku chache kabla kama siku hiyo anaweza kuimeza akishafika.

Mushaki fikeni kabla ya saa nne, na hapo ndipo mwisho wa safari. Futa Masisi mjini. Kazi ya siku ni moja tu: ng'ombe. Mtoto wa miaka 2 atasimama kwenye ua wa zizi nusu saa nzima akimtazama ndama, hataki kitu kingine. Baba mkwe naye atasimama palepale nusu saa, akikadiria ng'ombe yupi ana maziwa na yupi anamdanganya mwenye shamba. Hutahitaji mchezo mwingine. Mashemeji waambie kilima ni kile pale, wapande, lakini warudi saa tano na nusu wakiwa na njaa. Mkiwasubiri chini, hakuna atakayewalaumu; mkipanda wote, mtabeba pacha mmoja na mzee mmoja.

Wakati huo wewe nenda kwenye jibini. Chagua bonge lenye ganda kavu, mwombe muuzaji alikate mbele yako. Maziwa ya shamba ni matamu, lakini vitoto na wazee wasiyanywe mabichi hata mwenye ng'ombe akiapa. Yachemshwe mpaka yapande sufuriani, kwa maana ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe hupita kwenye maziwa hayo, na humpa mtu homa ya wiki nyingi na maumivu ya viungo.

Chakula saa tano na nusu, kulala saa sita, ndani ya nyumba, kitandani au kwenye mkeka wenye blanketi, maana juu kule kuna baridi hata jua likiwaka. Saa nane muwe garini. Mvua ya milimani hupenda mchana, na udongo wa ile miteremko ukilowa, gari halimjui mzee wala mtoto. Mtafika Goma kabla ya giza, na mume wako ataona vitu vingi vya orodha yake havikufanyika. Mpe jibini.

*Shangazi, naandika nikiwa na hasira. Jumapili tulitoka Goma na wazee na vitoto, tukasimama upande wa ziwa kabla ya kufika Sake. Mama mkwe alipata kibonde kizuri kati ya mawe ya volkano, kimetulia, hakina upepo. Tukatandika mkeka, watoto wakaanza kusinzia. Akaja mzee asiye na viatu akatufukuza kwa fimbo, akipiga kelele «mazuku!» Mimi nilisimama mle kibondeni dakika nzima, sikusikia harufu yoyote. Tumdai aombe radhi? — Aliyefukuzwa, Himbi*

Aliyefukuzwa, nunua kilo mbili za sukari na kipande cha sabuni, mtafute huyo mzee, upige magoti. Ameokoa kizazi chako cha juu na cha chini kwa fimbo moja.

Mazuku ni hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano, upande huu wa Goma na Sake. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi. Inateremka na kukaa kwenye vibonde. Wewe ulisimama, pua yako ikawa juu yake, ukavuta hewa safi na kujiona hodari. Aliyelala mkekani pua yake iko chini. Na mle kibondeni nani wamelala? Kitoto na koko. Hata kitoto kilichosimama wima hakipiti kiuno chako. Ndiyo maana wewe unaweza kutembea salama mahali ambapo mbuzi anakufa. Hewa hiyo ikizidi sehemu kumi katika mia, mtu huzirai kwa dakika chache na anaweza kufa, bila kupiga kelele. Ukiangalia kwa mbali, utasema wamelala vizuri leo.

Huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri, na siku isiyo na upepo, kwa sababu upepo na jua ndivyo vinavyoitawanya. Kumbe sifa mliyoipenda, kwamba kibonde kimetulia, ndiyo alama ya kwanza ya kukimbia. Nyingine ni wadudu, ndege au mijusi waliokufa chini bila jeraha, na vibao vya tahadhari vinavyowekwa sehemu zinazojulikana. Lakini si kila kibonde kina kibao, na hewa hubadilika, kwa hiyo kipimo cha uhakika ni mwenyeji. Muulize kabla ya kutandika.

Mkeka utandikwe juu, penye upepo, hata kama mama mkwe atalalamika kuhusu kikwembe chake kupeperuka. Wazee wakae kwenye viti, vitoto walale mapajani. Na mtu akianguka kibondeni, usiiname kumwokota. Waliokufa wakiokoa ni wengi. Ita watu, mvuteni kwa kamba au mti kutoka juu ikiwezekana, mumpeleke penye upepo.

*Shangazi, mama yangu ni Mnyanga wa Walikale, ana miaka 80. Anataka kuwaonyesha wajukuu kijiji chake. Kaka yangu anasema ni siku mbili tu kwa moto. Wajukuu wana miaka 2 na 3. — Mtoto wa Mwisho*

Mtoto wa Mwisho, kaka yako apande moto peke yake, atuletee habari.

Sikatai hamu ya mama. Lakini Machi 2025 vita vilifika Walikale mjini kwenyewe, na hata palipotulia, kutoka milimani unashuka kwenye msitu wa chini, wenye joto na malaria nyingi kuliko huku. Vitoto chini ya miaka 5 ndio malaria inaowaua zaidi, na mzee aliyeishi miaka mingi kwenye baridi amepoteza ile kinga aliyokulia nayo. Anarudi kwao kama mgeni. Mkija kwenda siku njema, iwe kwa gari, na chandarua cha kila kitanda.

Kwa sasa mama awapeleke wajukuu Walikale akiwa amekaa. Wanyanga wana Mwindo, shujaa aliyezaliwa akitembea na usinga mkononi, jambo litakalowashangaza wajukuu ambao mmoja wao bado anaanguka mlangoni. Mwaka 1956 msimuliaji Candi Rureke alimwimbia Daniel Biebuyck kisa hicho kwa siku kumi na mbili, na kitabu kikatoka 1969. Siku kumi na mbili! Hakuna aliyemwambia afupishe.

Basi mama aanze saa moja jioni, baada ya bugali na sambaza, kabla ya usingizi. Nusu saa inatosha. Wajukuu wakijibu kiitikio na kupiga makofi, aendelee. Wakianza kuvuta mkeka, akate hapohapo, kesho ataanzia pale. Atakayechoka kwanza, awe mama au mtoto, ndiye anayefunga kikao. Kaka yako na moto wake aoshe vyombo.